Kodi ya Pesa Taslimu au Mgao wa Mavuno: Barua Mbili za Kukodisha Shamba Malindi

Mwenye shamba Malindi anayetaka kumpa mtu mwingine alime ana njia mbili zilizozoeleka. Ya kwanza ni kodi ya pesa taslimu: mkulima analipa kiasi kilichotajwa kwa kila ekari, na chochote kitakachotoka shambani ni chake. Ya pili ni mgao: hakuna pesa inayotolewa mwanzoni, na mavuno yakitoka yanagawanywa, theluthi kwa mwenye shamba au nusu kwa nusu. Wengi huchagua kwa kutazama ipi inaleta zaidi. Lakini ukishachagua namna ya kulipwa, umeshaamua pia ni mazao gani yanaweza kupandwa bila ugomvi, nani atakuwa na sababu ya kuutunza udongo, na mtaachana kwa njia gani. Kwa hiyo usichukue barua ya kodi, ukabadilisha mstari mmoja tu na kuiita barua ya mgao.

Tutumie mfano mmoja mpaka mwisho. Shamba ni la ekari 4 upande wa Kakuyuni, udongo wa kichanga, lina minazi 15 na miembe 3 ya mwenye shamba. Mkulima anataka kupanda mahindi yaliyochanganywa na kunde msimu wa masika, na huenda akajaribu mboga baadaye. Bei na kiasi cha mavuno tunavyovitaja ni vya mfano. Weka vya kwako baada ya kuuliza majirani wasiopungua watatu wanaolima udongo kama huo.

Hesabu ya kodi

Tuseme kodi ni shilingi 5,000 kwa ekari kwa msimu, yaani 20,000 kwa shamba zima. Gharama za mkulima, kuanzia trekta, mbegu, mbolea hadi dawa ya viwavijeshi, ni 14,000 kwa ekari, jumla 56,000. Msimu mzuri unatoa magunia 12 kwa ekari, magunia 48 kwa jumla, na kwa kuwa kila mtu amevuna, gunia la kilo 90 linauzwa 3,000. Msimu mbaya, mvua ikikatika mahindi yanapotoa mbelewele, unatoa magunia 3 kwa ekari, jumla 12, na gunia linapanda hadi 4,000. Kunde tuziache nje ya hesabu, mkulima azile na majani yake.

| | Mwenye shamba, msimu mzuri | Mwenye shamba, msimu mbaya | Mkulima, msimu mzuri | Mkulima, msimu mbaya |
|---|---|---|---|---|
| Kodi ya 20,000 | 20,000 | 20,000 | 68,000 | hasara 28,000 |
| Theluthi, gharama zote kwa mkulima | 48,000 | 16,000 | 40,000 | hasara 24,000 |
| Nusu kwa nusu, gharama nusu kwa nusu | 44,000 | hasara 4,000 | 44,000 | hasara 4,000 |

Ukitazama mstari wa theluthi utaona jambo ambalo wakulima wengi hulijua baada ya kuumia. Theluthi husikika kuwa nyepesi kuliko nusu, na mwenye shamba huisema kwa ukarimu wa kweli. Lakini gharama zikibaki zote kwa mkulima, msimu mbaya unamwacha na hasara ya 24,000, pungufu kwa 4,000 tu kuliko angelipa kodi, na msimu mzuri unamnyang'anya 28,000 alizokuwa apate. Msimu mmoja mzuri na mmoja mbaya vikifuatana, mwenye shamba anapata wastani wa 32,000 kwa msimu na mkulima anabaki na 8,000. Mkulima wa namna hiyo hakai. Na akikaa atatafuta njia ya kujilipa kabla ya siku ya kugawana.

Nusu kwa nusu ndiyo mgao wa kweli, mradi gharama nazo zigawanywe. Ila mwenye shamba lazima awe na 28,000 mkononi kabla mvua ya Aprili haijashuka, na awe tayari kuzipoteza zote msimu ukikauka kabisa. Kama pesa hizo huna, au ukizikosa watoto hawatasoma, usiandike barua ya nusu kwa nusu. Andika ya kodi. Kama huwezi kuweka pesa lakini bado unataka mgao, theluthi ishuke iwe robo, kisha hesabu irudiwe mbele ya mkulima mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Kifungu cha malipo katika barua ya kodi kinatosha kuwa hivi:

"Ndugu, baada ya salamu. Nimekubali ulime shamba langu la ekari 4 lililoko Kakuyuni, mipaka yake ikiwa ni mwarobaini wa barabarani, mtaro wa kaskazini na mawe ya pembeni tuliyoyakagua pamoja. Kodi ni shilingi 5,000 kwa ekari kwa msimu, jumla shilingi 20,000. Nusu italipwa siku ya kutia sahihi, na nusu ya pili kabla ya tarehe 30 Juni. Kila malipo yatumwe kwa simu au yaandikiwe risiti. Mvua ikikosekana kodi haipungui, isipokuwa shamba lote likifurika au likiharibika kabla ya palizi ya kwanza, hapo tutakaa na kukubaliana upya kwa maandishi."

Zingatia kwamba malipo yamegawanywa mara mbili. Ukidai yote mwanzoni unamnyima mkulima pesa ya mbolea katika wiki ile ile anayoihitaji, na mahindi yasiyopata mbolea ya kupandia katika udongo wa kichanga huanza manjano na hayajirudi vizuri. Ukingoja mavuno ndipo ulipwe, basi umeshaingia kwenye mgao bila kujijua, kwani shamba likikosa utakuwa unadai pesa isiyokuwepo. Kipengele cha mafuriko kina maana zaidi kwa mashamba yaliyo karibu na mto Sabaki. Kwa shamba la juu kama hili kinaweza kuondolewa.

Kupima mavuno

Sehemu hii haiko katika barua ya kodi, na katika barua ya mgao ndiyo ndefu kuliko zote. Mavuno yanavuja katika mahali patatu.

Pa kwanza ni mahindi mabichi. Shamba likiwa karibu na barabara, mahindi ya kuchoma yanauzwa wiki tatu au nne kabla ya mahindi makavu, tena kwa pesa taslimu. Siku ya kugawana mabua yamesimama yote lakini magunia ni machache. Barua iseme wazi: ama mahindi mabichi ni ya kuliwa nyumbani tu, ama safu fulani, tuseme nusu ekari ya upande wa barabara, zimetengwa kwa ajili ya kuuza mabichi na pesa yake inagawanywa. Njia ya pili ni bora, kwa sababu mkulima mwenye shida ya pesa mwezi wa Juni atauza, uwe umeandika au hukuandika.

Pa pili ni gunia lenyewe. Gunia lililojazwa lumbesa na gunia la kawaida si kitu kimoja, na debe la mmoja si debe la mwingine. Pimeni kwa mizani, kilo, na muandike katika daftari mbili.

Pa tatu ni unyevu. Mahindi yanayofaa kuhifadhiwa yana unyevu wa asilimia 13.5. Mkigawana yakiwa na asilimia 18, kila gunia la kilo 90 litabaki na kilo 85 na kidogo likishakauka. Kilo nne na zaidi zilikuwa maji. Anayebeba fungu lake na kuliuza siku hiyo hiyo hapotezi, anayelihifadhi ndiye anayepoteza, na yeye pia ndiye atakayepata ukungu wenye sumukuvu. Kama hamna kifaa cha kupimia, tumieni chupa ya kioo iliyo kavu. Tia mahindi hadi kiasi cha robo, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyoanikwa ikakauka kabisa, funika, tikisa kwa dakika chache kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu bado umezidi asilimia 15 na yanarudi juani. Ikidondoka chini yote, gawaneni.

"Mavuno yatapigwa, yatakaushwa na kupimwa kwa mizani shambani, mbele yangu au mbele ya mtu nitakayemtaja kwa maandishi. Kwanza zitatolewa kilo za mbegu ya msimu ujao tulizokubaliana, kisha yanayobaki yatagawanywa sawa kwa sawa. Gharama zilizogawanywa ni trekta, mbegu, mbolea na dawa, kila moja kwa risiti. Kazi ya mkono wa mkulima na familia yake haihesabiwi gharama, wala ardhi yangu haihesabiwi gharama."

Sentensi hiyo ya mwisho inazuia ugomvi mkubwa. Bila hiyo, mkulima atasema palizi alipiga yeye na wanawe, nayo ina bei, na mwenye shamba atajibu kwamba ardhi nayo ina bei. Wote wawili wana haki, na ndiyo sababu mnalimaliza kabla ya kupanda.

Kama unaishi Mombasa, Nairobi au Ughaibuni na huna mtu wa kuaminika wa kusimama penye mizani, mgao haukufai hata kama hesabu yake inavutia.

Mazao yanayoruhusiwa

Mgao unafaa kwa mazao yanayovunwa mara moja na kukaa ghalani: mahindi, pojo, kunde kavu, ufuta. Haufai kwa mboga. Nyanya huchumwa kila baada ya siku chache kwa wiki nyingi, bamia na mchicha karibu kila siku, na bei ya Jumatatu sokoni Malindi si ya Alhamisi. Hakuna mwenye shamba anayeweza kuhesabu yote hayo, na mkulima mwaminifu ataonekana mwizi kwa sababu tu hakuna rekodi. Kwa hiyo mkulima akitaka mboga au tikiti maji, sehemu hiyo ya shamba itolewe kwa kodi ya pesa hata kama ekari nyingine ziko katika mgao. Barua moja inaweza kubeba mambo mawili hayo, ilimradi mpaka wa ekari ya mboga utajwe.

Katika barua ya kodi mkulima huachiwa uhuru zaidi, na ndivyo inavyopasa, maana hatari yote ni yake. Lakini makundi mawili ya mimea yazuiwe au yawekewe masharti.

La kwanza ni miti ya kudumu. Pwani yetu ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa mwingine, na aliyepanda mti huhesabiwa kuwa na haki nao hata ardhi ikibadilisha mikono. Mkulima aliyepanda michongoma ya mpaka hana madai makubwa. Aliyepanda mikorosho 20 au miembe ya kupandikiza anayo, na embe la kupandikiza huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne, yaani baada ya muda wa barua nyingi kwisha. Mwenye shamba akimwambia aondoke, mkulima atauliza miti yake italipwa na nani, na wazee watakaoitwa kuamua watakuwa upande wake. Andika hivi: "Usipande mnazi, mwembe, mkorosho, mchungwa wala mti wowote wa kudumu bila idhini yangu ya maandishi. Idhini hiyo itataja idadi ya miti na fidia ya kila mti siku ya kuondoka." Kama kweli unataka miti ipandwe, hilo ni la kodi ya miaka mingi na fidia iliyopangwa, wala si la barua ya msimu.

Miti iliyopo nayo itajwe kwa idadi. Minazi 15 na miembe 3 ni ya nani wakati wa kukodisha? Nazi zitaangushwa na nani? Muhimu zaidi ni kugema. Shada la maua linalogemwa tembo halizai nazi, kwa hiyo mgema akikubaliwa na mkulima kimya kimya, mwenye shamba anakuja kuangua na kukuta vidaka havipo. Barua iseme minazi haigemwi, au iseme ni mingapi inagemwa na tembo ni la nani.

La pili ni muhogo. Ni zao zuri kwa udongo wa kichanga na wala halichoshi mkulima, ila hukaa ardhini miezi minane hadi kumi na miwili. Ukipandwa Mei katika shamba la msimu unaoisha Agosti, Septemba inafika muhogo bado ni vidole. Huwezi kuung'oa bila kumdhulumu mkulima, na huwezi kumwachia bila kuongeza muda. Sharti lililo wazi ni hili: "Zao lolote litakaloshindwa kuvunwa kabla ya tarehe ya mwisho lisipandwe, isipokuwa tumekubaliana kuongeza muda kabla ya kupanda." Katika barua ya mwaka mzima muhogo hauna tatizo, mradi upandwe mwanzoni.

Udongo

Hapa barua ya kodi ya msimu mmoja ndiyo dhaifu kuliko zote, na mwenye shamba anapaswa kuijua sababu. Samadi haimalizi kazi yake msimu inapowekwa. Sehemu tu ya chakula chake hutoka masika haya, nyingine inaendelea kutoka vuli na mwaka unaofuata. Mkulima atakayeondoka Agosti hawezi kununua samadi ya kumlishia mkulima ajaye. Sharti la "utunze rutuba" lisiloambatana na kitu halibadilishi lolote. Ataliwekea sahihi na kuweka mbolea ya dukani peke yake, akiwa na hoja.

Kuna njia mbili za kulitengeneza. Ama urefushe muda uwe miaka miwili au mitatu, ama upunguze kodi kwa samadi. Kiwango kinachofaa ni kama tani 4 za samadi iliyooza kwa ekari. Lori la tani 7 halifikishi ekari mbili. Kwa mfano wetu mwenye shamba anaweza kuandika: "Kwa kila ekari utakayoweka tani 4 za samadi iliyooza, ikaonekana kabla haijachanganywa na udongo, kodi ya ekari hiyo itapungua kwa shilingi 2,000." Anapoteza 8,000 akiwekewa ekari zote nne, lakini samadi inabaki katika shamba lake. Samadi mbichi isihesabiwe. Huunguza miche na huleta mbegu za magugu, na unaitambua kwa joto lake ukiingiza mkono na kwa harufu kali ya mkojo. Iliyooza ni baridi, inavunjika na inanuka kama udongo wa msituni.

Katika mgao wa nusu kwa nusu samadi ni gharama inayogawanywa kama nyingine, na kwa kuwa mwenye shamba anabaki na faida ya baadaye, ni haki alipe zaidi ya nusu, tuseme theluthi mbili. Mkulima naye ana sababu ya kuiweka kwa kuwa mgao wake utaongezeka. Kwa upande wa udongo, mgao wa miaka miwili unaishinda kodi ya msimu.

Mengine yaingie katika barua zote mbili bila tofauti. Mabua na majani ya kunde yabaki shambani, yasichomwe wala yasiuzwe kwa lishe ya mifugo bila ruhusa. Udongo wa kichanga hauna kitu kingine cha kushika maji isipokuwa mabaki hayo, na moto unaopita chini ya mikorosho na minazi michanga huacha makovu yanayoingiza wadudu. Mahindi yasifuatane misimu miwili bila kunde, pojo au njugu kuingia kati yake au kuchanganywa nayo. Mchanga, mawe ya matumbawe na makaa visitolewe shambani kabisa. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 yenyewe inamwekea aliyekodi wajibu wa kuitumia ardhi kwa namna isiyoiharibu, na inazuia kukata miti iliyo hai isipokuwa kwa sababu inazozitaja, lakini ni afadhali liwe pia katika barua ambayo mkulima ameisoma.

Ekari ya mboga inahitaji vifungu viwili zaidi, na hapa ni kodi ya pesa tu inayohusika.

Kwanza maji. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi, na pampu ikivuta sana wakati wa kiangazi chumvi huzidi. Pima kwa kile kifaa kidogo cha kuchovya majini kabla ya kukodisha. Kikisoma chini ya 0.7 kwa kipimo cha desisimensi kwa mita, hakuna wasiwasi. Kati ya hapo na 3 kuna mazao yatakayolalamika, maharagwe yakiwa ya kwanza. Zaidi ya 3 usimruhusu mtu amwagilie mboga shambani kwako, kwa sababu mazao yatakufa kisha chumvi itabaki. Dalili zake ni ukoko mweupe juu ya matuta asubuhi na ncha za majani zilizoungua kuelekea ndani.

Pili ugonjwa wa mnyauko. Ukishaingia katika udongo kwa nyanya, biringanya au pilipili, unabaki miaka. Mche unanyauka ukiwa bado kijani, mara nyingi mmoja mmoja katika mstari. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukitumbukize katika glasi ya maji safi na usikitikise. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka penye mkato ndani ya dakika chache, ni bakteria. Barua imtake mkulima atoe habari ndani ya siku 3, ang'oe miche hiyo na kuichoma nje ya shamba, asipeleke maji ya mtaro kutoka sehemu hiyo kwenda nyingine, na asirudie jamii ya nyanya hapo kwa muda wote uliobaki. Mahindi yanaweza kufuata.

Kabla ya kukabidhi, chukueni sampuli ya udongo pamoja. Tembeeni kwa njia ya kupindapinda, mchimbe mahali 15 hadi 20, kila mahali sentimita 20 kwenda chini, mchanganye katika ndoo safi na mtoe nusu kilo. Msichukue karibu na zizi, kichuguu au chini ya mwembe. Afisa wa kilimo wa kaunti ndogo atawaelekeza maabara. Siku ya mwisho mfanye hivyo tena kwa njia ile ile, ndipo mtakuwa na kitu cha kulinganisha.

Namna ya kumaliza

Tarehe ya mwisho ifuate mazao. Mahindi ya masika yanayopandwa Aprili mwanzoni yatakuwa yamekauka na kupurwa kufikia Agosti, kwa hiyo "31 Agosti" ni tarehe salama kwa msimu huo. Ya vuli yaliyopandwa Oktoba yanahitaji hadi mwisho wa Februari. Ukiandika "miezi minne tangu leo" na mvua ikachelewa wiki tatu, tarehe itawakuta na mahindi mabichi shambani. Ongeza sentensi moja: "Zao lililopandwa kwa mujibu wa barua hii na likawa halijavunwa siku ya mwisho kwa sababu ya mvua kuchelewa, mkulima ana haki ya kulivuna ndani ya siku 30, bila kupanda jingine."

Kusitisha kabla ya muda ndiko kunakotofautiana. Katika kodi, sababu za mwenye shamba ni chache na zinaonekana: kodi haikulipwa, shamba limekodishwa kwa mtu mwingine, mti umepandwa au kukatwa bila idhini, mchanga umechimbwa. Mpe ilani ya maandishi ya siku 30 inayotaja kosa na namna ya kulirekebisha, na akilirekebisha jambo limekwisha. Uuzaji wa shamba usiwe sababu ya kumtoa katikati ya msimu. Mnunuzi aingie baada ya mavuno, na hilo liandikwe, kwa sababu mashamba ya Malindi yanauzwa haraka na mkulima ndiye anayekutwa katikati.

Katika mgao sababu kubwa ni hesabu: mavuno kufichwa, au upande mmoja kushindwa kutoa nusu yake ya gharama. La pili lisiwe kosa la kufukuzana. Afadhali barua iseme aliyetoa zaidi atarudishiwa ziada yake kwa mazao, kwa bei ya siku ya kupima, kabla ya kugawana. Na kama ni mwenye shamba anayevunja makubaliano baada ya shamba kulimwa, alipe trekta, mbegu na palizi zilizokwisha kufanyika. Katika kodi anarudisha kodi ya muda uliobaki pamoja na hizo.

Muda ukiisha, usinyamaze. Mwenye shamba anayeendelea kupokea pesa kwa miezi miwili baada ya tarehe ya mwisho anahesabiwa na Sheria ya Ardhi kuwa ameingia katika ukodishaji wa mwezi hadi mwezi, na hapo kumtoa mkulima kunataka ilani mpya. Ukitaka aendelee, andika barua mpya kabla ya ile ya zamani kwisha. Usipotaka, usipokee pesa. Hakuna la maana zaidi kwa mwenye shamba aliye mbali, kwani mtu anayekaa katika ardhi miaka 12 mfululizo waziwazi bila ruhusa ya mwenyewe anaweza kwenda mahakamani kuidai. Barua iliyo na tarehe, inayofanywa upya, inaonyesha kwamba yupo kwa ruhusa.

Ukodishaji wa miaka miwili au chini yake, usio na haki ya kuongezwa, unaweza kuwa wa mdomo kwa sheria hiyo na hauhitaji kusajiliwa, ila mdomo ni shahidi mbaya. Andikeni nakala mbili kwa Kiswahili, kila ukurasa utiwe sahihi au alama ya dole gumba, na mashahidi wawili wasio wa nyumba moja. Shamba la kilimo likiwa katika eneo la udhibiti wa ardhi, idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi inahitajika na iombwe ndani ya miezi 6 tangu kukubaliana. Bila idhini makubaliano hayana nguvu. Kama hatimiliki ina majina ya warithi kadhaa, wote watie sahihi kabla ya mkulima kushika jembe.

Siku ya kukabidhi, tembeeni mipaka ile ile mliyoitembea mwanzoni, hesabuni minazi 15 na miembe 3, angalieni mabua yako wapi, na muandike mita ya pampu kama ipo. Mabomba na matenki aliyoleta mkulima anayaondoa mwenyewe. Kisima alichochimba hawezi kukibeba, kwa hiyo gharama yake iwe imeshatajwa katika idhini ya kukichimba. Amana, kama ilitolewa, irudishwe ndani ya siku 14 pamoja na orodha ya kilichokatwa, na kila kilichokatwa kiwe kimeonekana na wote wawili siku hiyo.